Sidki si ukweli: faharasa ndogo ya ikisiri za Kiarabu

Ikisiri za tafiti za elimu katika majarida ya Kiarabu hurudia sana sentensi ya aina hii: mtafiti alitumia istibana kwa sampuli ya walimu baada ya kuhakiki sidki na thabati yake, na hakukuta tofauti zenye dalala ya kitakwimu katika kiwango cha 0.05. Kuielewa si kazi. Kazi ni kuifasiri katika ikisiri ya arobaini vilevile ulivyoifasiri katika ya kwanza.

Mtego wetu Waswahili ni kwamba maneno haya tunayajua, au tunadhani tunayajua. Sidki inakuvuta uandike "ukweli" au "uaminifu". Lakini katika utafiti, maana yake ni kuwa hojaji inapima kile kilichokusudiwa kupimwa, na hapo "uhalali" ndio unaofaa. Thabati ni sifa nyingine: hojaji ikirudiwa kwa watu walewale, majibu yasiyumbe. Hiyo ni "uthabiti", na safari hii ujamaa wa maneno umetusaidia. Ukiandika "uaminifu" kwa sidki leo na kwa thabati kesho, vipimo viwili vitageuka kimoja machoni pa msomaji, na mhariri hataona kosa kwa sababu sarufi iko sawa.

Dalala nayo hubadilika kwa fani. Kwenye takwimu ni umuhimu wa kitakwimu. Kwenye isimu ni semantiki. Ndiyo maana faharasa inahitaji safu ya fani.

Anza kwa kusoma ikisiri kumi hivi kabla ya kufasiri hata moja, uokote istilahi zinazojirudia. Kila istilahi iandike kwa umoja bila "al", kisha wingi wake, kwa kuwa ukitafuta mihwari kwenye kompyuta hutapata mahawiri. Fuatisha fani, neno ulilochagua, sentensi moja ya mfano na, safu ambayo wengi huisahau, maneno yaliyokataliwa. Istibana, istibyani na mara nyingi istimara zote zitaingia chini ya "hojaji". Ila istimara ya kushuhudia darasa ni fomu tu, na jambo hilo liandikwe palepale. Ukikwama, angalia ikisiri ya Kiingereza ambayo majarida mengi huichapa sambamba. Itakuonyesha mwandishi alikusudia nini, ingawa nayo huwa na makosa yake.

Ukaguzi wa mwisho ufanyie upande wa Kiswahili. Kiarabu hubandika viambishi kwenye neno, hivyo kutafuta humo huacha mengi. Chukua maneno yaliyokataliwa, yatafute moja moja katika tafsiri yote, na kila "uaminifu" utakaojitokeza ulinganishe na sentensi ya asili. Mwingine utakuwa halali kabisa, maana kuna tafiti zinazochunguza uaminifu wa wanafunzi katika mitihani, huo uache.