Kipimo cha Dawa Mseto kwa Watoto Wadogo kwa Kuzingatia Uzito, na Hatua za Kuchukua Mtoto Anapotapika: Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Tangu mwaka 2006 Tanzania imekuwa ikitumia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini (ALu) kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Kidonge kimoja cha watoto kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mtoto mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, na mwenye kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Dozi ni sita: ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha hufuata siku mbili za dozi asubuhi na jioni.

Mpangilio huu ni mwepesi kukumbuka, lakini ndani ya kundi moja la uzito watoto hawapati kiasi sawa cha dawa. Katika siku zote tatu, mtoto wa kilo 5 hupata takribani miligramu 144 za lumefantrini kwa kila kilo ya mwili wake, ilhali anayekaribia kilo 15 hupata 48 tu. Viwango vyote viwili vinakubalika. Hata hivyo, yule wa pili hana akiba kubwa, na dozi moja ikipotea pengo hilo humgusa zaidi. Watoto wadogo wenye utapiamlo pia huelekea kuwa na lumefantrini kidogo katika damu kuliko watu wazima.

Chukuliwe mfano wa mtoto wa miaka mitatu na nusu aliyeletwa kwenye zahanati iliyo karibu na machimbo ya Geita, naye kipimo cha haraka kimeonyesha malaria. Kwa jedwali la umri angepewa vidonge viwili, kwa kuwa mtoto wa umri huo hukadiriwa kuwa amevuka kilo 15. Mizani inaonyesha kilo 14.2, na kwa hiyo anastahili kimoja. Umri ni mbadala wa pale ambapo mizani haipo au imeharibika, si njia ya kuokoa muda kwenye foleni.

Dozi ya kwanza inatolewa saa nne asubuhi mbele ya mhudumu. Kidonge kinayeyushwa katika maji kidogo, na mtoto ananyonya au anakunywa maziwa kwa sababu lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Baada ya dakika 20 anatapika. Akitapika ndani ya saa moja dozi yote hurudiwa. Baada ya hapo hairudiwi, na ratiba huendelea kama ilivyo. (Baadhi ya miongozo huweka mpaka katika dakika 30.) Mpaka huo ni wa kiutendaji zaidi kuliko wa kibaiolojia, kwani lumefantrini inaweza kuchukua hadi saa mbili kabla ya kuanza kufyonzwa.

Kosa linalofuata hapa ni dogo na halionekani kirahisi. Pakiti ya mtoto huyu ina vidonge sita. Kilichorudiwa kikichukuliwa humo, mama ataondoka na vinne ilhali dozi zilizobaki ni tano, na usiku wa siku ya tatu hakutakuwa na kidonge. Wakati huo mtoto huwa hana homa, na pengine familia imekwisha kuhamia kwenye rashi nyingine. Wachimbaji wadogo hufuata duara linalotoa dhahabu. Kidonge cha kurudia kinapaswa kutoka kwenye akiba ya zahanati na kuandikwa rejistani, la sivyo hesabu ya dawa haitalingana na mhudumu atasita kukitoa. Mama naye aelezwe mapema kwamba mtoto akitapika nyumbani ndani ya saa moja arudie dozi, kisha afike kituoni au kwenye duka la dawa muhimu kufidia kidonge kilichotumika kabla pakiti haijaisha.

Mtoto akitapika na dozi ya marudio, asijaribiwe tena kwa mdomo. Kutapika kila kitu ni dalili ya hatari sawa na degedege au kushindwa kunyonya, hata kama anaonekana mchangamfu. Hutibiwa kama mwenye malaria kali kwa sindano ya atesuneti. Kwa watoto wa chini ya kilo 20 kipimo ni miligramu 3 kwa kilo. Kwa huyu ni takribani miligramu 43, mwanzoni, baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Zahanati isiyoweza kumlaza humpa dozi ya kwanza ya atesuneti, kwa sindano au kwa njia ya haja kubwa, kisha humpa rufaa mara moja. Akishaweza kumeza huanza dawa mseto upya, dozi zote sita. Vidonge alivyomeza kabla ya kulazwa havihesabiwi.