Asilimia nne ya nini?

Wakala wa mauzo anapopewa barua ya uteuzi, jicho hukimbilia asilimia. Asilimia ya nini hasa, wengi hawaulizi. Tuchukue mfano wa wakala anayeuzia mabati kampuni ya Dar es Salaam, eneo lake mikoa ya Mbeya na Songwe, kamisheni asilimia 4. Mteja wa Tunduma anaagiza mabati ya shilingi 20,000,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, ankara inasoma 23,600,000. Wakala anahesabu 944,000. Mhasibu anahesabu 800,000, kwa kuwa kodi si mapato ya kampuni. Barua iseme wazi kuwa hesabu ni kabla ya VAT, na kwamba kamisheni hulipwa fedha ikishaingia. Mteja akilipa nusu, wakala apate 400,000 kwanza.

Eneo nalo lina mtego wake. Kama mteja wa Vwawa atapiga simu moja kwa moja makao makuu, kamisheni ni ya nani? Bila kifungu kinachompa wakala haki ya pekee, huenda asipate kitu.

Ripoti ya kila wiki, yenye majina ya wateja, oda na madeni, humlinda wakala kuliko anavyodhani, hasa siku ya kuachana. Notisi ya siku 30 haitoshi. Barua itaje oda zilizopokelewa kabla ya mkataba kwisha lakini zikalipwa baadaye. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, na ripoti ndiyo ushahidi.