Kiini Kisichokumbuka Kilikotoka

Zinki-64 ni kiini chenye protoni 30 na neutroni 34, na maabara ina zaidi ya njia moja ya kukitengeneza. Ukichukua shaba-63 na kuipiga kwa protoni, protoni ikiingia na kubaki ndani, umepata zinki-64. Ukichukua nikeli-60 na kuipiga kwa chembe ya alfa, yaani protoni mbili na neutroni mbili zilizoshikana, ukijumlisha utapata zinki-64 ileile. Kiini hicho huzaliwa kikiwa na nishati ya ziada, hakitulii, na baada ya muda mfupi mno hutema chembe moja au mbili.

Mwaka 1950 mwanafizikia wa Kihindi, S. N. Ghoshal, alikuwa Berkeley, California, akilifanyia kazi swali ambalo kwa wakati ule lilikuwa na jibu kwenye karatasi tu. Je, zinki iliyozaliwa na shaba na ile iliyozaliwa na nikeli huvunjika kwa namna moja? Au chembe zinazotoka hubeba alama ya chembe iliyoingia?

Jibu la kwenye karatasi lilikuwa la Niels Bohr, aliyelitoa Kopenhageni mapema mwaka 1936. Kabla yake, wengi walikifikiria kiini kama shimo: chembe inapita juu yake, inavutwa, inapinda kidogo, inatokea upande wa pili. Safari ya namna hiyo ni fupi kupita kiasi. Kiini cha zinki kina upana wa karibu sehemu moja ya milioni mia moja ya sehemu moja ya milioni ya mita, na protoni yenye kasi hukivuka kwa sekunde 10^-22 hivi. Lakini majaribio ya neutroni za polepole, yaliyoanzishwa na Enriko Fermi na wenzake mjini Roma mwaka 1934, yalikuwa yameonyesha jambo lisilolingana na picha hiyo. Viini vingi vilimeza neutroni kwa pupa katika nishati fulani tu, na kila nafasi ya kumeza ilikuwa nyembamba sana, upana wake ukiwa kama sehemu ya kumi ya elektronivolti moja. Katika fizikia ya vitu vidogo, wembamba wa nishati ni kipimo cha muda: hali ikiwa na nishati iliyobainika hivyo, lazima idumu. Ukipiga hesabu unapata karibu sekunde 10^-14, yaani makumi ya mamilioni ya mara ya muda wa kukatiza tu. Neutroni ilikuwa inaingia na kukaa.

Bohr aliieleza kwa mfano wa gololi, na mfano huo unaweza kuufanya mwenyewe. Tafuta sahani pana iliyobonyea katikati. Ukiwa huna kitu ndani yake, sukuma gololi moja kutoka ukingoni: itashuka kwa kasi, itapita katikati, itapanda upande wa pili na kuruka nje. Sasa jaza pale katikati gololi ishirini, halafu sukuma tena kwa nguvu ileile. Gololi inayoingia inaigonga ya kwanza, hiyo inagonga mbili, hizo zinagonga nyingine, na punde rundo zima linatikisika lakini hakuna hata moja yenye mwendo wa kutosha kupanda ukingo. Kasi iliyoletwa na mmoja imegawanywa kwa wote. Sahanini msuguano utazituliza gololi zote, na hapo ndipo mfano unapoishia, kwa sababu ndani ya kiini hakuna msuguano wa kuiiba nishati. Mgongano unaendelea, nishati ikihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka kwa bahati sehemu yake kubwa imkusanyikie mmoja aliye karibu na ukingo. Huyo anatoka.

Rundo hilo linalotikisika ndilo huitwa kiini ambatani. Kwa Bohr, mmenyuko una hatua mbili ambazo lazima zitenganishwe. Kwanza ni kuundwa: chembe inaingia, inamezwa, nishati yake inaenea. Halafu, baada ya muda mrefu kwa saa za kiini, ni kuvunjika. Hatua ya pili haiijui ya kwanza.

Kwa nini isiijue? Fuata hesabu ya zinki yetu. Protoni yenye MeV 22.6, yaani elektronivolti milioni 22.6, ikiingia katika shaba-63, sehemu ndogo ya nishati yake hupotelea katika kukisukuma kiini kizima mbele, kisha kule kushikana kwenyewe kunaongeza MeV 7.7. Zinki-64 inabaki na MeV 30 za ziada. Chembe ya alfa ikiingia katika nikeli-60, kushikana kunaleta MeV 4 tu, kwa hiyo alfa lazima ije na MeV 27.8 ili kuifikisha zinki kwenye 30 zilezile.

Mwanzoni kabisa, hali hizo mbili hazifanani hata kidogo. Katika ya kwanza nishati yote iko kwa protoni moja, na katika ya pili imegawanyika kwa chembe nne zinazosafiri pamoja. Ila mpangilio wa “nishati yote kwa mmoja” ni mmoja tu kati ya idadi kubwa mno ya namna ambazo chembe 64 zinaweza kugawana MeV 30. Kila mgongano unakihamisha kiini kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, na hakuna kinachokirudisha kule kilikoanzia isipokuwa bahati ndogo sana. Baada ya migongano ya kutosha, kiini kinakuwa kimeenea katika mipangilio yote inayoruhusiwa, wala hakuna unaopendelewa. Aliyeanza upande huu na aliyeanza upande ule wamefika mahali pamoja. Maji yanayochemka sufuriani hayatoi mvuke wa kuni au mvuke wa mkaa, na ulinganisho huo ni wa kweli kuliko unavyoonekana, kwa maana Viktor Weisskopf mwaka 1937 alizihesabu neutroni zinazotoka kwenye kiini kama mvuke unaotoka kwenye tone la moto. Zinki yetu yenye MeV 30 ina joto la zaidi ya digrii bilioni 20.

Sasa itazame ikipoa. Neutroni ya kwanza ikitoka, inalipa MeV 11.9 za kujibandua, na kwa kawaida inaondoka na tatu hivi za mwendo. Kinachobaki ni zinki-63 yenye kama MeV 15. Akiba hiyo inatosha kutoa chembe ya pili, na hapo kuna mashindano. Neutroni nyingine ingelipa MeV 9.1, na kuacha zinki-62. Protoni ingelipa 6.7 tu na kuacha shaba-62, lakini protoni ina chaji, na lazima ipenye kizuizi cha umeme kilichokizunguka kiini. Nani hushinda? Si chembe iliyoingia inayoamua. Inayoamua ni bei ya kutoka, kizuizi, na wingi wa hali ambazo kiini kitakachobaki kinaweza kuzikalia. Shaba-62 ina protoni na neutroni zote kwa idadi witiri, na viini vya namna hiyo vina hali nyingi zilizosongamana.

Ghoshal alihitaji kuhesabu matokeo matatu: zinki-63, inayobaki baada ya neutroni moja kutoka, zinki-62, baada ya neutroni mbili, na shaba-62, baada ya protoni na neutroni. Kinachonivutia ni kwamba huhitaji kuziona chembe zenyewe zikitoka. Viini vyote vitatu ni vya mnunurisho, na kila kimoja kina saa yake: nusu ya shaba-62 huisha kwa chini kidogo ya dakika 10, nusu ya zinki-63 kwa dakika 38, nusu ya zinki-62 kwa saa 9 hivi. Unapima mnunurisho wa sampuli ukipungua, na mchoro wenyewe unakuambia ni kiasi gani cha kila kimoja kilizaliwa. Kuna mtego mmoja. Zinki-62 ikioza inageuka kuwa shaba-62, kwa hiyo shaba unayoipima saa kadhaa baadaye si ile iliyozaliwa na mmenyuko, bali ni mtoto wa zinki. Atakayesahau hilo atapata hesabu ya uongo.

Vipimo vikarudiwa katika nishati mbalimbali, upande wa protoni na upande wa alfa. Kama Bohr alikuwa sahihi, basi uwiano huu ulipaswa kushikilia kila zinki inapokuwa na nishati ileile:

σ(p,n) : σ(p,2n) : σ(p,pn) = σ(α,n) : σ(α,2n) : σ(α,pn)

Herufi σ inasimamia uwezekano wa mmenyuko kutokea. Mikunjo mitatu ya protoni ilipolazwa juu ya mikunjo mitatu ya alfa, ilipanda na kushuka pamoja. Na katika pande zote mbili, njia ya protoni na neutroni iliipita kwa mbali njia ya neutroni mbili. Mtu angetarajia protoni itoke kwa wingi pale ilipoingizwa protoni. Ilitoka kwa wingi kwa sababu ya zinki yenyewe.

Hata hivyo kusahau huku hakufuti kila kitu. Ili mikunjo ilingane, Ghoshal aliisogeza mizani ya nishati ya protoni kwa MeV 7 dhidi ya ile ya alfa. Hesabu ya uzito wa viini niliyoitumia hapo juu inatoa pengo la karibu 5. Kulingana, basi, ni kuzuri bila kuwa kamili, na kuna jambo ambalo kiini hakiruhusiwi kulisahau: mzunguko. Alfa ni nzito, na ikigonga pembeni hukizungusha kiini zaidi kuliko protoni. Sehemu ya nishati hufungwa katika kuzunguka huko na haipatikani kwa kutoa chembe. Jumla ya nishati, jumla ya mzunguko, idadi ya protoni na neutroni: hizo ni amana, na hudumu hadi mwisho. Kinachofutika ni njia iliyozileta.

Pia kuna miyenyuko ambayo haipiti kabisa kwenye kiini ambatani. Protoni inaweza kumgonga mmoja ukingoni, na huyo akatoka papo hapo kabla nishati haijaenea. Kadiri protoni inavyokuja na kasi kubwa zaidi ndivyo visa hivyo vinavyoongezeka. Kuvitambua ni suala la kuangalia upande. Chembe iliyotoka kwenye kiini kilichosahau haijui mbele ni wapi, kwa hiyo wastani wa zinazokwenda mbele ni sawa na wa zinazorudi nyuma kuelekea kule mshale wa protoni ulikotokea. Chembe zilizotoka papo hapo hukimbilia mbele, zikiwa na nishati kubwa kuliko zile za mvuke. Weka kigunduzi mbele ya sampuli na kingine nyuma yake kwa pembe ileile. Kile cha mbele kikihesabu zaidi, ujue baadhi ya viini havikupata muda wa kusahau.