Faharasa za Maulizo Yenye Kinyota na Umbo la Kitenzi cha Kiswahili

Ikisiri

Mtafiti wa mofolojia anayetumia korpasi isiyoambatishiwa taarifa za kisarufi hulazimika kutafuta maneno kwa sehemu zake: mwanzo na mwisho vinajulikana, katikati haijulikani. Makala haya yanaeleza namna faharasa mbili, yaani faharasa ya mizunguko na faharasa ya vipande vya herufi tatu, zinavyojibu maulizo ya aina hiyo bila kupitia msamiati wote neno kwa neno. Ulizo `wa*ana`, linalokusudia kupata vitenzi vya kauli ya kutendana, linatumika kama mfano. Inahojiwa kwamba jibu sahihi la faharasa si lazima liwe jibu sahihi la kisarufi, na kwamba mtafiti hana budi kujua mpaka uliopo baina ya haya mawili.

1.0 Utangulizi

Orodha ya maneno iliyopangwa kwa alfabeti humfaa anayejua mwanzo wa neno. Anayetafuta `pig*`, ambapo kinyota husimama badala ya herufi zozote au pasipo herufi yoyote, hufungua mahali pa *pig* na kusoma mfululizo mpaka herufi hizo zikome. Katika lugha ambazo mofimu nyingi huongezwa mwishoni mwa mzizi, njia hii hutosheleza mahitaji mengi, kwa kuwa maumbo ya neno moja hukaa pamoja.

Kitenzi cha Kiswahili hakikubali mpango huo. Mzizi wake hutanguliwa na viambishi vya nafsi, njeo, urejeshi na yambwa. Kwa hiyo *alipigana*, *hawakupigana* na *tulipigana* hutawanyika katika kurasa za A, H na T. Kinyume chake, anayetafuta `wana*` kwa matumaini ya kupata vitenzi vya njeo ya wakati uliopo hukusanya pia *wanawake*, *wanafunzi* na *wanasheria*. Alfabeti hukusanya kile ambacho mofolojia hutenganisha, na hutenganisha kile ambacho mofolojia hukusanya.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Bratley na Choueka (1982), ambao walipendekeza kamusi ya mizunguko kwa ajili ya maneno yaliyokatwa, waliandika katika mazingira ambayo utafutaji wa matini za Kiebrania, lugha nyingine inayobandika viambishi mwanzoni mwa neno, ulikuwa umekwisha kuwa suala la kiutendaji.

2.0 Miti miwili na kasoro yake

Suluhisho la kwanza linalomjia mtu ni kutunza orodha mbili: moja ya maneno kama yalivyo, nyingine ya maneno yaliyoandikwa kinyumenyume. Katika orodha ya pili *walipigana* huandikwa *anagipilaw*, na ulizo `*ana` hugeuka kuwa `ana*`, ambalo lina mwanzo unaojulikana. Ulizo `wa*ana` hujibiwa kwa kuchukua maneno yaanzayo na *wa* kutoka orodha ya kwanza, yaishiayo na *ana* kutoka orodha ya pili, kisha kubakiza yaliyomo katika makundi yote mawili.

Njia hii ina kasoro mbili. Kwanza, makundi yenyewe ni makubwa. Maneno yaanzayo na *wa* katika Kiswahili ni mengi mno, na karibu yote hukusanywa ili yatupwe. Pili, makutano hayo yanaweza kutoa jibu lisilo sahihi. Neno *wana* huanza na *wa* na huishia na *ana*, hivyo limo katika makundi yote mawili. Lakini halilingani na `wa*ana`, kwa sababu herufi *a* ya kwanza imehesabiwa mara mbili. Neno lolote linalolingana na ulizo hilo lazima liwe na herufi tano au zaidi. Asiyeweka sharti la urefu atahesabu *wana* miongoni mwa vitenzi vyake, na neno hilo hutokea mara nyingi katika matini yoyote.

3.0 Faharasa ya mizunguko

Wazo la faharasa ya mizunguko ni kulifanya kila ulizo liwe na kinyota mwishoni. Kila neno huongezewa alama ya ukomo, `$`, kisha huzungushwa: herufi ya kwanza hupelekwa nyuma, tena na tena, mpaka kila herufi iwe imekaa mbele mara moja. Neno *pika* hutoa funguo tano: `pika$`, `ika$p`, `ka$pi`, `a$pik` na `$pika`. Kila ufunguo hukumbuka neno ulikotoka, na funguo zote hupangwa kwa alfabeti.

Ulizo nalo huzungushwa vivyo hivyo mpaka kinyota kifike mwisho. `wa*ana` huongezewa alama na kuwa `wa*ana$`, kisha huzungushwa kuwa `ana$wa*`. Sasa linahitaji tu funguo zinazoanza na `ana$wa`. Tuchukue msamiati mdogo wa maneno manane: *alipigana, tulipigana, wana, walipigana, wanajulikana, wanasaidiana, wasichana* na *wavulana*. Maneno haya yana jumla ya herufi 74, nayo hutoa funguo 82, kwa kuwa kila neno huzaa ufunguo mmoja zaidi ya idadi ya herufi zake. Miongoni mwa hizo, zinazoanza na `ana$` ni hizi, kwa mpangilio wake:

```
ana$alipig
ana$tulipig
ana$w
ana$walipig
ana$wanajulik
ana$wanasaidi
ana$wasich
ana$wavul
```

Majibu matano ya mwisho yamekaa pamoja, na programu huyasoma kwa mfululizo pasipo kugusa mengine. Aidha, *wana* imejitenga yenyewe: ufunguo wake ni `ana$w`, ambao haufiki `ana$wa`. Sharti la urefu halihitajiki, kwa sababu mzunguko hauruhusu herufi moja kutumika mara mbili.

Aina nyingine za maulizo hufuata kanuni ileile. `*ana` huwa `ana$*`; `wa*` huwa `$wa*`; na `*pig*` huwa `pig*`. Ulizo lenye vinyota viwili katikati, kama `wa*pig*na`, hujibiwa kwa hatua mbili: kwanza hutafutwa `na$wa*`, kisha kila jibu hukaguliwa kama lina *pig* baina ya *wa* ya mwanzo na *na* ya mwisho.

Gharama yake ni nafasi. Msamiati wa maumbo 100,000 yenye wastani wa herufi tisa ungezaa funguo 1,000,000. Kutafuta mahali pa kuanzia katika orodha iliyopangwa ya ukubwa huo kunahitaji ulinganishaji wa takribani mara 20 tu, lakini orodha yenyewe lazima itunzwe. Kwa Kiswahili jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa maumbo ya kitenzi ni marefu na kila matini mpya huleta maumbo ambayo hayajapata kuonekana.

4.0 Faharasa ya vipande vya herufi tatu

Njia ya pili hupunguza gharama hiyo kwa kukubali jibu la makadirio. Kila neno huwekewa alama ya ukomo pande zote mbili na kukatwa katika vipande vya herufi tatu vinavyopishana kwa herufi moja. *Pika* hutoa `$pi`, `pik`, `ika` na `ka$`. Kila kipande huwa na orodha ya maneno yaliyo nacho. Ulizo `*pika` hugeuzwa kuwa sharti kwamba neno liwe na `pik`, `ika` na `ka$` kwa pamoja, na orodha tatu zinazohusika hukutanishwa.

Hapa ndipo mnyambuliko wa Kiswahili unapoleta mtego. Neno *hupikika*, la kauli ya kutendeka, lina vipande `$hu`, `hup`, `upi`, `pik`, `iki`, `kik`, `ika` na `ka$`. Vipande vyote vitatu vinavyotakiwa vimo, lakini neno haliishii na *pika*. Faharasa inajua kwamba vipande vipo. Haijui kwamba `pik` na `ika` haviandamani. Kwa hiyo kila jibu lazima lilinganishwe tena na ulizo lenyewe kabla ya kutolewa. Dalili ya programu iliyoruka hatua hii ni rahisi kuitambua: tafuta `*pika`, kisha uangalie kama maumbo ya *-pikika* yamejitokeza.

Mtego wa pili ni ufupi wa mofimu. Kiambishi *ku* kina herufi mbili, hivyo ulizo `*ku*` halina hata kipande kimoja kamili cha herufi tatu. Baadhi ya programu hulikataa ulizo kama hilo, na nyingine hurudi kupitia msamiati wote. Hata hivyo, kwa kuwa kila neno hufungwa na `$`, *ku* popote ilipo hufuatwa na alama fulani. Inatosha, basi, kuunganisha orodha za vipande vyote vinavyoanza na *ku*.

Mtego wa tatu ni wa tahajia. Iwapo matini ilikatwa maneno kwenye kila alama isiyo herufi, *ng'ombe* imeingia katika faharasa kama maneno mawili, *ng* na *ombe*. Iwapo matini moja imetumia alama iliyonyooka na nyingine iliyopinda, kuna *ng'ombe* wawili wasiofahamiana. Uamuzi huu hufanywa kabla ya faharasa kujengwa, na hakuna ulizo linaloweza kuusahihisha baadaye.

5.0 Jibu la herufi na jibu la mofimu

Turudi kwenye majibu matano ya `wa*ana`. Yote ni sahihi kwa faharasa. Kwa mtafiti wa kauli ya kutendana, sahihi ni mawili tu: *walipigana* na *wanasaidiana*. *Wasichana* na *wavulana* ni nomino, na *wanajulikana* ina kiambishi *-ikan-* cha kutendeka. Mtu anaweza kufikiria kuondoa maneno yote ya `wa*ikana`. Angefanya hivyo, angeondoa pia *wanashikana*, ambamo *ik* ni sehemu ya mzizi *-shik-* na *-an-* ndiyo ya kutendana. Vilevile, ulizo haligusi *wapigane* wala *hawapigani*, ingawa yote mawili ni ya kutendana: moja lina kiishio *-e*, lingine *-i*, na *hawapigani* halianzi hata na *wa*.

Kuna pia maumbo ambayo hakuna ulizo la herufi linaloweza kuyatenga. `*tapika` huleta *anatapika*, yaani a-na-tapika, pamoja na *watapika*, ambayo katika sentensi nyingi ni wa-ta-pika. Tofauti yake haimo katika herufi, na muktadha wa sentensi ndio unaoamua.

6.0 Hitimisho

Kwa korpasi ndogo inayoulizwa mara chache, kupitia msamiati wote hakuna madhara, na faharasa hizi ni mzigo usiohitajika. Msamiati unapokuwa mkubwa na maulizo mengi, faharasa ya mizunguko hufaa pale nafasi inapotosha na kinyota kimoja kinapotawala. Faharasa ya vipande hufaa pale nafasi ilipo finyu, ili mradi uhakiki wa mwisho haurukwi. Katika hali zote mbili, idadi inayotokea kwenye kioo ni idadi ya maumbo ya herufi. Tasnifu inayoripoti idadi ya vitenzi vya kutendana kwa msingi wa ulizo la kinyota inapaswa kuandika ulizo lenyewe, kueleza namna maneno yalivyokatwa, na kusema ni majibu mangapi yaliondolewa kwa mkono na kwa kigezo gani. Pasipo hayo, msomaji hawezi kujua kama *wasichana* wamehesabiwa miongoni mwa wanaopigana.