Sentensi moja kwa kila slaidi

Slaidi zimekamilika, picha zimekaa sawa, lakini ukimwonyesha mwenzako anauliza, "Hapa umefikaje?" Kabla ya kugusa rangi tena, chukua karatasi. Pitia slaidi moja moja na kwa kila moja andika sentensi kamili inayosema slaidi hiyo inadai nini. "Bajeti" ni kichwa cha habari tu. "Tangi litajilipa kwa miaka miwili" ni dai. Andika kilichomo, si ulichokusudia. Kisha funga kompyuta usome karatasi peke yake.

Tuseme ushirika wa wafugaji unaomba mkopo. Karatasi yao inasomeka hivi:

3. Maziwa ya jioni huharibika kabla ya kufika kiwandani.
4. Tunahitaji tangi la kupozea la lita 1,000.
5. Wanachama wetu ni 80.
6. Tangi litajilipa kwa miaka miwili.

Jaribu kuunganisha kila jozi kwa "kwa hiyo", "lakini" au "kwa sababu". Kati ya 3 na 4, "kwa hiyo" inagoma: kwa nini lita 1,000? Panakosekana slaidi ya kiasi cha maziwa ya kila jioni. Ya 5 haishikani na jirani yeyote; ihamie mwanzoni.

Slaidi inayodai sentensi mbili igawe. Mbili zenye sentensi ileile ziunganishe. Isiyopata sentensi iondoe.

Ila karatasi hii hupima mtiririko tu. Kama ile miaka miwili ni hesabu mbovu, sentensi itasomeka vizuri vilevile.