Asilimia 93 Inayoficha Nusu ya Kazi

Ripoti ya mwaka ya mradi huwa na jedwali la viashiria lenye safu nne: hali ya awali, lengo la mwaka, kilichofikiwa na asilimia ya lengo. Msomaji mwenye haraka hukimbilia safu ya mwisho. Hapo ndipo anapopotea, kwa sababu asilimia hiyo hukokotolewa kwa njia mbili, na majibu yake yanaweza kutofautiana sana.

Tuchukue mfano wa mradi wa afya ya uzazi katika halmashauri moja. Ulipoanza, akina mama 60 kati ya kila 100 walikuwa wakijifungulia kwenye vituo vya afya. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa 70. Mwaka wa fedha ulipofungwa mwezi Juni, walifika 65. Mwandaaji wa ripoti akigawanya 65 kwa 70, anapata asilimia 93, na mstari huo unapakwa rangi ya kijani.

Sasa tuseme mradi haukufanya lolote, na kiashiria kikabaki palepale kwenye 60. Gawanya 60 kwa 70: asilimia 86. Mradi uliolala mwaka mzima nao ungeonekana umekaribia lengo. Sehemu kubwa ya ile 93 si kazi ya mradi hata kidogo. Ni hali uliyoikuta.

Kinachopaswa kupimwa ni safari iliyopangwa, yaani kutoka 60 hadi 70, na ni hatua ngapi kati ya hizo zimepigwa. Zilipangwa alama kumi, zimepatikana tano. Utekelezaji ni asilimia 50. Kama kwenye lahajedwali safu B ni hali ya awali, C ni lengo na D ni kilichofikiwa, kanuni ni hii:

```
=(D2-B2)/(C2-B2)*100
```

Kanuni hii inafaa zaidi pale kiashiria kinapotakiwa kushuka. Chukua upungufu wa damu kwa wajawazito: hali ya awali asilimia 40, lengo 30, kilichofikiwa 36. Ukigawanya 36 kwa 30 unapata 120, kana kwamba lengo limepitwa. Hali ikizidi kuwa mbaya na kufika 42, unapata 140: kadiri wagonjwa wanavyoongezeka, ndivyo ripoti inavyong'aa. Kwa kanuni ya hapo juu, 36 inatoa asilimia 40 ya lengo, na 42 inatoa hasi 20, jambo linaloonyesha wazi kwamba mradi umerudi nyuma. Ukiona kiashiria cha kushuka kimeandikiwa zaidi ya asilimia 100, rudi kwenye safu za mwanzo ukague hesabu.

Kugawanya moja kwa moja si kosa mahali pote. Kwa vitu vinavyohesabiwa kuanzia sifuri, kama wahudumu waliopewa mafunzo mwaka huo, njia zote mbili hutoa jibu lilelile.

Hata kanuni sahihi haiwezi kuokoa takwimu zisizolingana. Mara nyingine hali ya awali hutoka kwenye utafiti wa kaya, ambako akina mama huulizwa walijifungulia wapi, ilhali kilichofikiwa hutoka kwenye rejesta za MTUHA, zinazoandika waliofika kituoni, wakiwamo waliotoka kata za jirani. Tofauti kati ya namba hizo mbili inaweza kuwa tofauti ya vyanzo tu. Hali ya awali na kilichofikiwa vipimwe kwa njia moja, la sivyo safu ya asilimia iachwe wazi na sababu iandikwe.

Turudi kwenye ile asilimia 50. Je, mradi umeshindwa? Kabla ya kuhukumu, litazame lengo lenyewe. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto, waliojifungulia vituoni Tanzania walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa 2015/16, na asilimia 81 katika ule wa 2022. Hiyo ni nyongeza ya alama 18 kwa takriban miaka saba, wastani wa alama mbili na nusu kwa mwaka. Mradi wetu umepata tano kwa mwaka mmoja, mara mbili ya kasi ya taifa. Huenda palipokosewa ni kwenye meza ya kupanga, ambako mtu aliandika 70 kwa sababu ni namba nzuri, bila kuuliza kiashiria hicho husogea kwa kasi gani.

Kwa hiyo, diwani, mfadhili au mwananchi unayepewa ripoti ya namna hii, usikubali asilimia iliyosimama peke yake. Dai safu zote nne, uliza kila namba imetoka wapi, kisha ukokotoe mwenyewe. Ni kutoa mara mbili na kugawanya mara moja.