Mtoto Akikosa Siku ya Surua

Mama anayepiga simu zahanati kusema kesho hatafika kliniki huhofia kuonekana msumbufu. Kumbe nesi anaihitaji sana taarifa hiyo, hasa kama mtoto amefikisha miezi 9 na zamu yake ni ya chanjo ya surua na rubela.

Chanjo hii huja ikiwa unga, mara nyingi katika kichupa cha dozi 10. Nesi akishauchanganya na maji yake maalumu, dawa hukaa saa 6 tu, au mpaka kliniki ifungwe siku hiyo, inayobaki inatupwa. Ndiyo maana zahanati nyingi ndogo hukusanya watoto wa surua siku moja. Kwa hiyo ukienda kesho yake bila kuuliza, unaweza kukuta kliniki iko wazi, nesi yupo, na bado ukaambiwa uje siku nyingine.

Tuseme mtoto amepangiwa Jumatano tarehe 12, na ghafla kuna msiba mkoani. Ujumbe wa simu unatosha, ilimradi uwe na kadi ya kliniki mkononi unapouandika:

“Shikamoo sista. Ni mama Baraka wa kitongoji cha Mlimani. Baraka alipangiwa surua ya kwanza Jumatano tarehe 12. Tumepata msiba, tunasafiri, tutarudi Jumamosi tarehe 15. Naomba kujua siku ya karibu mtakayotoa surua baada ya hapo. Namba ya kadi yake nimeiandika hapa chini. Asante.”

Jina la chanjo ndilo watu wengi husahau, na bila hilo nesi atakutajia siku ya kliniki tu, ambayo huenda si siku ya surua. Kama huna namba ya zahanati, mhudumu wa afya wa kitongojini anaweza kukufikishia ujumbe. Na kadi safiri nayo: msiba ukirefuka, mtoto anaweza kuchanjwa katika kituo cha huko mliko, nao wataandika kwenye kadi hiyo hiyo.

Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Mpeleke, nesi amwangalie mwenyewe.

Kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hesabu ni nyingine. Aliyechelewa haanzi upya, anaendelea alipoishia. Lakini kati ya dozi moja ya penta na inayofuata lazima zipite angalau wiki 4. Mtoto aliyepata ya kwanza akiwa na wiki 8 badala ya 6 hawezi kurudi wiki ya 10 kama kadi ilivyoandikwa mwanzo. Atarudi wiki ya 12. Kabla hujaondoka, mwombe nesi afute tarehe za zamani na kuandika mpya, maana baba au bibi atakayempeleka safari ijayo atafuata kilichoandikwa.